Joto limekuja, uzito bado

"Mtamba wangu wa Friziani ana miezi 15, kilo 250, na ameanza kuonyesha joto. Nimpandishe?"

Usimpandishe bado. Joto linaonyesha amebalehe tu. Nyonga bado ni nyembamba. Kama mama yake ana kilo 550, mpandishe akifika asilimia 55 ya hizo, yaani kilo 300 hivi. Zimebaki kilo 50. Akiongeza gramu 700 kwa siku, ni siku 70 hivi. Akiongeza 400, ni siku 125, na siku 55 za tofauti utamlisha bila tone la maziwa. Mwongezee protini, si pumba tupu, maana atanenepa bila kurefuka. Mpime kwa utepe nyuma ya miguu ya mbele kila wiki 2, asubuhi kabla ya kula.

Kuna mchangiaji aliyesema miezi 15 inatosha kumpandisha. Yuko sahihi, ila kwa mtamba aliyekua vizuri. Wangu nilimpandisha akiwa na kilo 240. Ndama alikwama, tukamvuta kwa kamba, akafa. Mama akabaki dhaifu, na joto likachelewa miezi mingi.

Mtamba wako alikuwa na kilo ngapi alipoachishwa maziwa?