Miezi Mitatu au Mwezi wa Tatu? Ushauri kwa Anayejifunza Kivietinamu

Nilipokuwa nikitafuta chumba cha kupanga jijini Hanoi, mama mwenye nyumba aliniuliza nitakaa kwa muda gani, nami nikamjibu bila wasiwasi: «tháng ba». Wakati huo ulikuwa Oktoba. Alishangaa kwamba chumba ki wazi, nami nataka kukichukua Machi. Nilikusudia «ba tháng», miezi mitatu, lakini niliweka namba baada ya nomino kama tufanyavyo katika Kiswahili. Katika Kivietinamu namba inayotangulia huhesabu, na ile inayofuata hutaja nafasi katika mfuatano. Sisi tofauti hiyo tunaionyesha kwa «miezi mitatu» na «mwezi wa tatu», ilhali wao, ambao maneno yao hayabadiliki umbo, wana mpangilio tu.

Neno «tháng», kama «ngày» (siku), huhesabiwa moja kwa moja. Nomino nyingi sivyo. «Mèo» likisimama peke yake ni paka kwa jumla, na ukitaka watatu ni lazima uweke katikati kiainishi, yaani neno linaloonyesha aina ya kitu: «ba con mèo». Wanyama huchukua «con», vitu vingi «cái», vitabu «quyển», na gazeti «tờ», linalotumika kwa karatasi bapa. Usidhani kwamba umepata ngeli, kwa kuwa kiainishi hakileti upatanisho wowote katika kivumishi, na tena «con» hutumika pia kwa kisu («con dao») na mto («con sông»). Mimi nilipoteza muda mwingi nikitafuta kanuni. Afadhali ukariri kila nomino pamoja na kiainishi chake.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni mwisho wa kirai. Chukua maneno manne: «con», «mèo», «đen» (-eusi) na «này» (huyu). Ukisema «con mèo đen này», umesema «paka mweusi huyu», na msikilizaji bado anasubiri uendelee. Ukisema «con mèo này đen», umemaliza sentensi: «paka huyu ni mweusi». Hapo «này» limefunga kirai nomino, kwa hiyo «đen», likiwa limebaki nje, linakuwa kiarifu. Nilikuwa nikichomeka «là» mahali pa «ni» yetu, nikapata «con mèo này là đen», na kila mara nilisahihishwa, kwa sababu «là» huunganisha nomino na nomino, na sifa ya namna hii haiihitaji.

Kwa hiyo unapotunga, anza na «mèo», weka «con» mbele yake na namba mbele ya «con», kisha rudi nyuma ya nomino uongeze sifa, na mwisho kionyeshi: «ba con mèo đen này». Nomino ikishajulikana, huachwa bila taabu, lakini kiainishi hubaki: ukiulizwa unafuga paka wangapi, jibu «ba con».