Hoho ya kijani haiivi dirishani

Niliwahi kuchuma hoho sita za kijani, ngumu na zilizojaa vizuri, nikazipanga dirishani nikingoja ziwe nyekundu. Baada ya siku kumi ngozi zilikuwa zimejikunja, na tano bado zilikuwa kijani. Ni moja tu iliyogeuka, ile iliyokuwa na doa la hudhurungi karibu na kikonyo siku niliyoichuma. Hata hiyo, nilipoionja, haikufikia utamu wa mwenzake niliyemwacha kwenye mche.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hoho huiva kama ndizi. Ni tunda kweli: ua likishachavushwa, ovari yake huvimba na kuwa lile ganda tunalokula, mbegu zikiwa ndani. Jikoni tunaiita mboga kwa sababu ya mapishi, na hakuna ubaya. Lakini ndizi huwa na akiba ya wanga inayogeuka sukari hata baada ya kuvunwa. Hoho haina akiba kubwa ya namna hiyo. Sukari yake huletwa na majani, na ukikata kikonyo umekata njia.

Kwa hiyo hoho nyingi za kijani ni changa tu. Imeshafikia ukubwa wake, ila bado haijaiva. Ukiiacha kwenye mche wiki mbili hadi nne zaidi, klorofili huvunjika, rangi nyingine hujitokeza na sukari hupanda. Katika gramu 100, ya kijani huwa na takriban gramu 2.4 za sukari, nyekundu gramu 4 na kidogo. Zaidi ya hapo, ile harufu kali ya majani mabichi hufifia, na ukali wa ladha hupungua pamoja nayo. Mimi naamini hilo ndilo linalofanya ulimi uone tofauti kubwa kuliko hizo gramu mbili.

Ya manjano nayo si nyekundu iliyokatizwa njiani, ingawa wengi hudhani hivyo. Mara nyingi ni aina yake yenyewe: mmea hauwezi kutengeneza rangi nyekundu, basi tunda likiiva hubaki manjano. Nayo ni tamu, ingawa kwa kawaida nyekundu huizidi kidogo. Zipo pia aina chache zinazobaki kijani hata zikiiva, kwa hiyo ukipanda, soma pakiti ya mbegu kabla ya kungoja rangi isiyokuja.

Ukitaka tamu ya kula mbichi, chuma au nunua iliyokwisha kugeuka rangi yote. Ukilazimika kuchuma mapema, ngoja angalau nusu ya tunda igeuke. Hiyo itamalizia rangi ndani ya nyumba. Za kijani mimi nazikaanga na kitunguu, maana hapo uchungu wake mdogo unafaa. Na ile habari kwamba ukihesabu vitako vya hoho, yaani vile vinundu vya chini yake, utajua ipi ni “dume” na ipi ni “jike” lililo tamu zaidi, iache: kila hoho hutoka kwenye ua lenye sehemu zote mbili, na vitako havisemi lolote kuhusu utamu.