Ukidurusu kwa kahawa, anza kuhesabu kwenye saa ya kulala

Kwa mihula miwili niliamini kwamba nina tatizo la kumbukumbu. Nilikuwa nikikaa mezani saa mbili usiku na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, lile kubwa la mililita 500. Nilisoma mpaka saa sita, kisha nikafunga daftari nikiwa na hakika kwamba sura nzima ya figo imeingia kichwani. Usingizi ulinichukua bila shida. Saa kumi na mbili asubuhi niliamka na kichwa kizito, na nilipojaribu kuchora bila kufungua kitabu jinsi damu inavyochujwa mpaka ikawa mkojo, niliishia katikati ya mchoro. Nikaona dawa ni kusoma zaidi, na ili nisome zaidi nikaongeza kopo la pili.

Sikulishuku lile kopo hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nalala. Nilidhani kafeini ikimdhuru mtu atajua, maana atakesha akigeukageuka kitandani.

Kafeini hufanya kazi hivi. Tangu unapoamka, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini haiiondoi. Inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya adenosini, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, na mwenye kiti akabaki amesimama. Uchovu wote bado umo, ila ubongo hausikii. Kafeini ikipungua viti vinaachwa wazi, na adenosini iliyokuwa ikisubiri inakaa kwa mkupuo. Ndiyo maana watu husinzia ghafla saa chache baada ya kopo, wakadhani wanahitaji jingine.

Kuingia ni haraka. Ndani ya dakika 15 hadi 30 unaanza kuisikia, na kwa wengi inafika kileleni kabla ya saa moja kupita. Kutoka ndiko kunakochukua muda. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini aliyokunywa huondoka kwa takriban saa 5. Saa 5 nyingine zikipita, inaondoka nusu ya ile iliyobaki. Wapo ambao ini lao huifanya kazi hiyo haraka zaidi, na wapo inaowakaa saa 7 au zaidi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni vinaweza kuufanya muda huo uwe karibu mara mbili, na hili nalisema wazi kwa kuwa wanafunzi wengi wanaovitumia hawajawahi kuambiwa. Ujauzito pia huurefusha sana.

Sasa turudi kwenye kopo langu. Kopo la mililita 500 la aina iliyozoeleka lina kafeini kama miligramu 160. Nililinywa saa mbili usiku. Saa sita nilipokuwa nazima taa, mwilini zilikuwa zimebaki kama 90, yaani karibu sawa na mtu aliyekunywa kikombe kizima cha kahawa halafu akajifunika shuka. Saa saba zilikuwa 80. Saa kumi na mbili asubuhi, nilipoamka, kulikuwa na 40 bado, sawa na kikombe cha chai. Hakuna saa hata moja ya usiku ule ambayo ubongo wangu uliachiwa ulale peke yake.

Mtu anaweza kusinzia akiwa katika hali hiyo, hasa akiwa amechoka au ameizoea kafeini. Kinachopungua ni usingizi mzito, ule unaotawala nusu ya kwanza ya usiku. Nao ni miongoni mwa nyakati ambazo ubongo huyapanga upya mambo uliyojifunza mchana na kuyakaza. Kwa hiyo nilichokipata kwa kusoma jioni nilikuwa nakipoteza nikiwa nimelala, bila kuona chochote.

Kuna utafiti wa mwaka 2013 ambao bado naukumbuka kila ninapotaka kujidanganya. Watu walipewa miligramu 400 za kafeini, ama walipokaribia kulala, ama saa 3 kabla, ama saa 6 kabla. Hata wale wa saa 6 walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi kwa mujibu wa kifaa kilichowapima, lakini walipoulizwa wenyewe hawakuitambua hasara hiyo ipasavyo. Kipimo hicho ni kikubwa, ndiyo. Hata hivyo kilinifundisha nisiamini kauli ya "mimi kahawa hainizuii kulala," yangu au ya mwingine.

Nilichobadilisha ni mahali pa kuanzia hesabu. Zamani nilijiuliza, "Nitachoka saa ngapi?" Sasa najiuliza, "Nitalala saa ngapi?" kisha narudi nyuma saa 8. Nikipanga kulala saa nne usiku, kikombe cha mwisho ni kabla ya saa nane mchana. Saa 6 ni kidogo mno kwa kahawa kali au kopo kubwa, na kwa mwenye kutumia vidonge nilivyovitaja, bora ahesabu 10 au aishie na kikombe cha asubuhi.

Siku yangu ya kudurusu ikawa hivi. Nilihamisha saa mbili za kusoma kutoka usiku kwenda alfajiri, nikaanza kulala saa nne na kuamka saa kumi na moja. Sinywi chochote chenye kafeini papo hapo ninapoamka, kwa kuwa ule uzito wa kuamka huondoka wenyewe kwa nusu saa hivi ukinawa uso na kukaa kwenye mwanga. Nautumia muda huo kuandika kwa kukumbuka, kitabu kimefungwa, nilichosoma jana. Kahawa naiweka saa mbili asubuhi, kikombe kimoja chenye takriban miligramu 95, nikiwa nimebakiza dakika 20 kabla ya kufungua somo gumu kuliko yote ya siku. Nikifika kwenye ukurasa mgumu, kafeini nayo imefika.

Cha pili ni chai, saa saba na nusu mchana, kama miligramu 45. Hiki ndicho kinachonisaidia kuliko vyote, nami nakinywa kwa namna yake. Nakinywa haraka, si kwa kukionjaonja, kisha najilaza dakika 20 na kengele imetegwa. Kafeini inachukua karibu muda huohuo kuanza kazi. Wakati huo usingizi mfupi unapunguza adenosini kidogo, na nikiamka kafeini inakuta viti vingi vitupu. Ukipitiliza nusu saa utazama kwenye usingizi mzito na utaamka umelewa usingizi, kwa hiyo kengele ni lazima. Usipopata usingizi, kufumba macho tu bado kunasaidia.

Ukipiga hesabu ya vikombe hivyo viwili, saa nne usiku zinabaki miligramu zisizofika 30. Linganisha na 90 za zamani.

Jioni ndiko kulikonipa tabu. Saa moja usiku macho yanafunga na mkono unatafuta kopo. Nililazimika kukubali kwamba ule si uvivu wa kufukuzwa. Ni mwili unaodai. Niliacha kujipa mada mpya usiku. Saa hiyo nafanya maswali ya mitihani iliyopita juu ya mambo ninayoyajua tayari, nikisimama mara kwa mara, na uchovu ukinishinda nafunga. Mada mpya inasubiri alfajiri.

Chai inadanganya, na watu wengi wanaihesabu sifuri. Kikombe kimoja ni kidogo kweli, lakini birika lililokaa mezani jioni nzima linakufikisha vikombe vitatu au vinne, na kikifika cha nne umeshapita kopo la mililita 500. Majani yakichemka muda mrefu ndivyo kafeini inavyozidi kutoka. Soda za kola nazo zinayo. Kama unataka kitu cha moto mkononi usiku, maji ya tangawizi au mchaichai hayana kafeini, na kwa kweli nusu ya hamu yangu ilikuwa ya joto la kikombe tu.

Kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu, sivipendi kwa kudurusia. Kafeini ya kopo dogo la mililita 250, kama miligramu 80, haizidi ya kahawa. Tatizo ni kwamba kinanyweka kibaridi na kitamu, unamaliza kopo kubwa kwa dakika tano kisha unafungua jingine, na sukari yake inakaribia gramu 27 kwa kopo dogo. Kama huna kingine, chukua dogo, kabla ya saa nane mchana, na lihesabu kama kikombe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka mpaka wa mtu mzima mwenye afya kuwa miligramu 400 kwa siku, zisizozidi 200 kwa mkupuo. Kwa vijana na watoto inatumia miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwanafunzi wa kilo 50 anaishia 150, na kopo moja kubwa tayari limempitisha. Moyo ukidunda ovyo, mikono ikitetemeka, au ukisoma mstari uleule mara tatu huku akili inakimbia, umezidisha, usiongeze. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amuulize daktari wake kabla ya haya yote.

Utajuaje kama mpango unafanya kazi? Usipime kwa jinsi unavyojisikia usiku. Pima asubuhi kwa karatasi tupu. Mimi niliandika usiku mambo 10 makuu ya nilichosoma, na asubuhi nikayaandika tena bila kuangalia. Wakati wa makopo nilikuwa nabaki na manne au matano. Wiki ya pili ya ratiba mpya nilikuwa nafika saba, nane. Hicho ni kipimo cha mtu mmoja, lakini kilitosha kunitoa kwenye kopo la usiku.

Kama umezoea vikombe vingi, usivikate kwa siku moja wiki ya mtihani. Maumivu ya kichwa huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, makali zaidi huja siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kukukaa wiki nzima. Anza wiki mbili kabla, ukisogeza kikombe cha mwisho nyuma kwa saa moja kila siku mbili, na kupunguza kimoja kila baada ya siku tatu hivi.

Asubuhi ya mtihani nilikunywa kilekile cha kila siku, kiasi kilekile, dakika 45 kabla ya kuingia, kisha nikaenda haja ndogo. Jirani yangu alikuwa ameshika makopo mawili. Akanipa moja, nikamshukuru, nikalirudisha.