Maswali na Majibu: Rekodi ya DNS imebadilishwa, watumiaji bado wako kwenye seva ya zamani

Seva yetu kuu ilianza kuleta hitilafu saa 8 mchana. Tulibadili rekodi ya A ielekeze kwenye seva ya akiba, na wakati huohuo tukashusha TTL, yaani muda ambao jibu linaweza kukaa kwenye kache, kutoka sekunde 86400 hadi 60. Sasa ni saa 3 usiku na bado watumiaji wengi wanafika seva ya zamani. Je, badiliko halijasambaa?

Katika DNS hakuna kinachosambazwa kwenda kwa risolva, yaani seva zinazotafuta anwani kwa niaba ya watumiaji. Seva yenye mamlaka juu ya kikoa chenu haimpelekei mtu yeyote habari ya rekodi mpya. Hungoja kuulizwa, na risolva ambayo tayari ina jibu kwenye kache yake haina sababu ya kuuliza tena mpaka muda wa jibu hilo uishe. Muda huo ni ule ulioambatana na jibu siku lilipochukuliwa. Kwa hiyo ile 60 mliyoiandika saa 8 inawahusu tu waliouliza baada ya hapo, ilhali waliouliza kabla waliondoka na jibu lenye sekunde 86400, yaani saa 24 kamili, na hakuna mnachoweza kuandika kwenye seva yenu kitakachowafikia.

Chukulia risolva ya mtoa huduma mmoja wa intaneti iliyochukua jibu saa 7:59 mchana, dakika moja kabla hamjabadili rekodi. Itaendelea kuwapa wateja wake wote anwani ya zamani hadi saa 7:59 mchana wa kesho. Nyingine iliyochukua jibu jana saa 8:30 mchana ilihama leo nusu saa tu baada ya badiliko. Ikiwa nyakati za kuisha zimetawanyika sawasawa ndani ya siku, basi kufikia saa 3 usiku, baada ya saa 7 kati ya 24, chini ya theluthi ya risolva zilizokuwa na jibu la zamani ndizo zilizokwisha kuhama. Mnachokiona ndicho kilichopaswa kutarajiwa.

Nitajuaje kama tatizo ni kache za watu wengine au ni kosa letu wenyewe?

Anza kwa kuiuliza seva yenye mamlaka moja kwa moja, kisha uliza risolva ambayo watumiaji wanaitegemea:

```
dig +norecurse @ns1.mfano.example www.mfano.example A
dig @1.1.1.1 www.mfano.example A
```

Tuseme saa 3 usiku amri ya pili inaleta mstari huu wenye anwani ya zamani:

```
www.mfano.example.  51240  IN  A  192.0.2.10
```

Namba ya katikati ni sekunde zilizobaki. Sekunde 51240 ni saa 14 na dakika 14, hivyo jibu hili lilichukuliwa leo saa 5:14 asubuhi na litaisha kesho wakati kama huo. Rudia amri baada ya dakika moja: namba ikiwa imepungua kwa takriban 60, unatazama kache ya kawaida na kinachobaki ni muda. Risolva kubwa za umma huwa na kache nyingi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo usishangae namba zikiruka kutoka jibu hadi jibu, au anwani mpya na ya zamani zikija kwa zamu.

Jambo la kukutia wasiwasi ni anwani ya zamani inayorudi ikiwa na 86400 kamili. Hilo maana yake ni kwamba kuna seva yenye mamlaka ambayo bado inaitoa. Mara nyingi ni seva ya pili ambayo haikuchukua nakala mpya ya kanda, yaani rekodi zote za kikoa, kwa sababu namba ya toleo katika rekodi ya SOA haikuongezwa. Uliza kila seva iliyotajwa kwenye rekodi za NS, moja baada ya nyingine, ulinganishe namba hiyo. Kosa hili ni lenu, na kusubiri hakutalitibu.

Tufanye nini usiku huu, badala ya kungoja hadi kesho mchana?

Kama mashine ya zamani bado inawaka, iacheni iwe mlango wa kupitia. Zimeni programu yake, kisha ielekeze kila muunganisho kwenye seva mpya. Kwa nginx yenye moduli ya stream inatosha hivi:

```
stream {
  server {
    listen 443;
    proxy_pass 198.51.100.20:443;
  }
}
```

Usimbaji wa TLS hupita bila kufunguliwa, kwa hiyo cheti kinachohitajika ni kile cha seva mpya. Kumbukeni tu kwamba seva mpya itaona watumiaji hao wote wakitoka anwani moja, na kinga inayozuia maombi mengi kutoka sehemu moja inaweza kuwafungia.

Hata kabla ya hilo, zuieni uandishi kwenye hifadhidata ya zamani. Mtumiaji anayekutana na ukurasa wa hitilafu ataudhika, lakini anayeweka oda kwenye hifadhidata iliyoachwa amepoteza data ambayo kuiunganisha baadaye ni kazi ngumu mno. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza kabisa.

Kama mashine imekufa, njia ya haraka ni kuihamishia seva mpya anwani ileile ya zamani, endapo zote ziko kwenye mtandao unaoruhusu hivyo. Google na Cloudflare wana kurasa za kufuta jina kwenye kache za risolva zao za umma, na inafaa kuzitumia, ila hazigusi kache za watoa huduma wengine.

Basi tuweke TTL ya 0 siku zote?

Hapana. Kila ombi lingekuwa swali jipya kwa seva zenu za DNS, na siku zitakapoanguka hakuna kache itakayowashikilia watumiaji. Isitoshe, baadhi ya risolva zimewekewa kiwango cha chini na hazitaiheshimu 0.

Kwa uhamisho uliopangwa, shusheni TTL mapema, msubiri muda wote wa TTL ya zamani uishe, ndipo mbadili anwani. Ajali haitoi taarifa, kwa hiyo rekodi ile moja mnayotegemea kuihamisha wakati wa dharura ibaki kati ya 60 na 300 wakati wote. Rekodi nyingine zinaweza kubaki na muda mrefu.

Kwenye rekodi yetu nyingine TTL ilikuwa 60 tangu mwanzo, na risolva zote tulizopima zinatoa anwani mpya. Mbona huduma yetu moja ya ndani bado inaita seva ya zamani?

Kwa sababu programu nayo hukumbuka. Java hufuata kipimo cha `networkaddress.cache.ttl`, na kikiwa -1 hushikilia jibu hadi iwashwe upya. Nginx kwa kawaida hutafuta jina lililoandikwa wazi kwenye `proxy_pass` wakati wa kuanza au kupakia upya mipangilio tu. Halafu kuna miunganisho iliyokwisha kufunguliwa, ambayo haina haja ya DNS tena maadamu seva ya zamani inaitika. Kwenye mashine ya huduma hiyo andikeni:

```
ss -tn dst 192.0.2.10
```

Miunganisho iliyodumu ikionekana, ifungeni kutoka upande wa seva ya zamani. Kama baada ya hapo inafunguka mipya kwenda anwani ileile, kache iko ndani ya programu, na dawa yake ni kuiwasha upya.