Jua la shule na ngozi ya mtoto mwenye ualbino hapa Lubumbashi

"Binti yangu ana ualbino, ana miaka sita, ameanza darasa la kwanza Septemba hii. Nampaka krimu ya jua kila asubuhi lakini anarudi nyumbani shingo na masikio vimekuwa vyekundu. Niongeze nini? Na nitajuaje kama ngozi imeanza kuharibika?"

Mama, krimu ya asubuhi inakuwa imeisha nguvu mtoto anapotoka kucheza. Inadumu kama saa mbili tu, na jasho linaifupisha. Kwa hiyo sisi tulianza na nguo, krimu tukaiachia sehemu ambazo nguo haifiki. Kijana wangu, ambaye naye ana ualbino, sasa yuko sekondari.

Anza na shati la yunifomu. Shati jeupe jepesi tunalonunua sokoni linapitisha jua, na likilowa jasho linapitisha zaidi. Ingiza mkono ndani yake, uliinue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako, na jua linapita. Sketi au suruali ya bluu kwa kawaida haina shida, maana rangi nzito na kitambaa kilichobana huzuia vizuri. Mimi nilimwomba fundi ashone shati jeupe la kitambaa kizito, mikono mirefu mpaka kwenye kifundo, na kola ya kusimama ifunike shingo. Rangi ni ileile ya yunifomu, kwa hiyo mkurugenzi wa shule hakuwa na neno.

Kofia nayo, kepi haitoshi. Inakinga paji la uso na pua, inaacha masikio na kisogo. Tafuta kofia yenye ukingo wa kuzunguka kichwa chote, upana usiopungua vidole vinne vya mtu mzima. Zungumza na mwalimu mapema ili asimvue wakati wa kusimama mbele ya bendera, na amruhusu kusimama kivulini.

Halafu saa za njiani. Shule nyingi hapa zina zamu ya asubuhi na ya mchana. Omba ya asubuhi, maana wa zamu ya mchana anatembea kwenda shule jua likiwa kichwani. Akitoka mchana, bado anahitaji shati lile, kofia na mwavuli. Mfundishe kuangalia kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, akae chini ya mti au kibarazani. Mtoto wa miaka sita anaelewa hilo haraka kuliko saa. Na usidanganywe na baridi ya Juni. Hata mwezi huo, saa sita mchana kivuli bado ni kifupi kuliko mtoto. Mwisho wa Oktoba na katikati ya Februari jua linapita karibu juu ya utosi wetu kabisa. Mawingu membamba nayo hayazuii kitu cha maana.

Krimu iwe na kinga ya 30 au zaidi. Kwa uso, masikio na shingo, kamua mistari miwili yenye urefu wa vidole vyako, umpake robo saa kabla hajatoka. Mpe na chupa ndogo ajipake tena kabla ya mapumziko, mwalimu akimsaidia. Mawese na gliserini hulainisha ngozi lakini havizuii jua.

Kuhusu kukagua, mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga, kwenye mwanga wa dirisha, mpitie kichwa hadi miguu. Kaa zaidi kwenye masikio mpaka nyuma yake, pua, mdomo wa chini, kisogo na migongo ya mikono. Pitisha ncha za vidole, usitegemee macho peke yake. Kwa mwanangu nilihisi kwanza kwenye ukingo wa sikio: kidoa kigumu kama msasa, rangi yake karibu sawa na ngozi, hakikumuuma. Nilikipiga picha kando ya rula. Mwezi uliofuata kilikuwa palepale, kimeongezeka kidogo, na gamba likitoka linarudi. Daktari wa ngozi alikata kipande akakipeleka maabara. Ilikuwa keratosisi ya jua, ngozi iliyoharibika ambayo bado si saratani lakini inaweza kugeuka. Alikiondoa chote, na tangu hapo anamwona kila miezi sita.

Madoa ya kahawia bapa yanayotokea usoni kwa baadhi ya watoto wetu kwa kawaida si ugonjwa, ila yanakuonyesha jua linapita wapi. Cha kupeleka hospitali ni kidonda kisichopona kwa wiki nne, kinachotoa damu kikiguswa, uvimbe unaokua, au mdomo unaopasuka mahali palepale. Uvimbe wa waridi unaokua usiupuuze kwa sababu hauna weusi: kwa watu wenye ualbino hata saratani ya melanoma inaweza kukosa rangi. Wala usisubiri maumivu, kwa kawaida huja yakiwa yamechelewa. Ukifika kwa daktari, mwonyeshe zile picha zenye rula na tarehe, umwombe apime kipande badala ya kukuandikia pomadi ya vidonda tu.