Hatifungani inayofuata mfumuko wa bei: soma faida halisi kabla ya kununua

Wengi wanaonijia wakitaka kununua hatifungani huanza na swali moja: inatoa asilimia ngapi? Ukiogopa bei kupanda, swali hilo halikufikishi mbali. Hatifungani ya kawaida inayokuahidi asilimia 7 kwa mwaka inakutajia idadi ya fedha utakazopewa. Fedha hizo zitanunua nini siku ya kulipwa, haisemi. Hiyo asilimia 7 ni faida inayotajwa. Faida halisi ndiyo inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei: bei zikipanda kwa asilimia 8 mwaka huo, umelipwa kila senti uliyoahidiwa na bado umepoteza karibu asilimia 1 ya uwezo wako wa kununua.

Hatifungani inayofuata mfumuko wa bei imegeuza ahadi. Inakuahidi faida halisi, na fedha utakazopewa zinabadilika kufuata bei. Tuseme umenunua ya 1,000, yenye riba halisi ya asilimia 2 inayolipwa mara moja kwa mwaka. Mwaka wa kwanza bei zinapanda kwa asilimia 8. Mtaji wako unaandikwa upya kuwa 1,080, na riba inakokotolewa juu ya kiasi hicho kipya: 21.60. Mwaka wa pili bei zinapanda kwa asilimia 5, mtaji unakuwa 1,134 na riba 22.68. Wapya hushtuka hapa, kwa sababu mwenzao mwenye ile ya asilimia 7 anapokea 70 kila mwaka wakati wao wanapata ishirini na kitu. Lakini mtaji wa mwenzao umebaki 1,000 ile ile, na baada ya miaka hiyo miwili unanunua vitu vilivyokuwa vya 882 tu. Fidia yako imo ndani ya mtaji, na utaipokea hatifungani ikiiva, yaani muda wake ukiisha na mtaji ukirudishwa. Kwa hiyo anayehitaji fedha za matumizi kila mwezi asiitegemee riba yake.

Ipi bora kati ya hizo mbili? Gawanya 1.07 kwa 1.02, unapata takriban 1.049. Maana yake, mfumuko wa bei ukiwa wastani wa asilimia 4.9 kwa mwaka hadi kuiva, zote zinakulipa karibu sawa. Ukizidi hapo, inayofuata bei inashinda; ukiwa chini, ile ya kawaida ndiyo iliyokulipa zaidi. Kwa hiyo kuamini tu kwamba bei zitapanda hakutoshi, maana soko nalo linaamini hivyo na limeshaliweka kwenye bei ya hatifungani. Unachonunua ni kinga dhidi ya bei kupanda kuliko lilivyotarajia soko.

Sasa jambo linaloumiza watu. Marekani, ambayo hutoa hatifungani hizi tangu 1997 kwa jina la TIPS, iliona mfumuko wa bei ukifika asilimia 9.1 Juni 2022. Ungetarajia wenye TIPS wawe wanasherehekea. Kumbe kwa ujumla wake soko la TIPS lilimaliza mwaka ule na hasara ya takriban asilimia 12. Mtaji uliongezwa kama ilivyoahidiwa. Kilichotokea ni kwamba faida halisi sokoni kwa zile za miaka 10 ilipanda kutoka karibu asilimia hasi 1 mwishoni mwa 2021 hadi karibu asilimia 1.5 mwaka mmoja baadaye. Nani atanunua kwa bei ya zamani hatifungani inayompa hasi 1, wakati mpya zinatoa 1.5? Bei za zile za zamani zikaporomoka, na kadiri muda wa kuiva ulivyokuwa mrefu ndivyo zilivyoanguka zaidi.

Aliyenunua kwa hasi 1 akashikilia hadi kuiva anapata alichonunua: mfumuko wa bei, kasoro asilimia 1 kila mwaka. Kwamba alikubali faida halisi hasi tangu mwanzo lilikuwa wazi siku ya kununua, kwa yeyote aliyesoma namba hiyo. Sioni kosa kununua kwa faida hasi ukijua unalipia kinga, ila ujue.

Uliza pia masharti mawili. La kwanza, bei zikishuka itakuwaje? TIPS zikiiva hulipa angalau mtaji wa awali. Zile za Uingereza, zilizoanza 1981, hazina kinga hiyo. La pili, kodi: Marekani nyongeza ya mtaji hutozwa kodi mwaka ule ule, ingawa fedha yenyewe bado hujaishika.

Kisha tazama kalenda yako. Fedha za miaka mitano ijayo zitafutie hatifungani inayoiva miaka mitano ijayo. Mfuko wa pamoja wa hatifungani hizi kwa kawaida hauna siku ya kuiva, kwa hiyo siku ukitaka fedha zako utauza kwa bei utakayoikuta.