Wastani wa 3 na pampu zinazolala rafuni

Swali: Mzee, habari. Mimi ni mnunuzi katika duka la spea za malori hapa Tororo. Nina pampu ya maji ya lori moja la zamani, naipata ng'ambo kwa shilingi 600,000, na oda inachukua miezi 3 kufika kupitia Mombasa na Malaba. Katika miezi 24 wateja walitaka hivi: mwezi wa 3 pampu 2, wa 8 pampu 1, wa 11 pampu 10, wa 15 pampu 1, wa 20 pampu 8, wa 24 pampu 2. Miezi mingine yote sifuri. Kila ikiuzwa natuma oda siku hiyohiyo, nikichukua wastani wa miezi 3 iliyopita mara miezi 3 ya kusubiri. Lakini mara rafu inajaa, mara mteja anaondoka mikono mitupu. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, ni vizuri umeleta takwimu za mwezi kwa mwezi, maana jumla peke yake ingetuficha kila kitu. Tuanze na kanuni yako yenyewe. Mwezi wa 10 inakuambia uwe na pampu 1. Mwezi wa 11 inaruka hadi 10. Mwezi wa 14 inasema 0. Katika miezi hiyo mitano malori ya wateja wako hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja aliingia dukani.

Kuna kosa la pili lililojificha zaidi. Wewe unapiga hesabu siku ya mauzo tu, kwa hiyo unautazama wastani kila mara ukiwa juu. Ukifuata kanuni yako katika ile miezi sita ya mauzo, itakupa 2, 1, 10, 1, 8 na 2, yaani wastani wa 4 kwa kila miezi 3. Lakini umetoa pampu 24 kwa miezi 24, na hiyo ni 3 kwa kila miezi 3. Umejiongezea theluthi nzima kwa sababu tu ya siku unayochagua kupiga hesabu. Jambo hili alilieleza mtafiti Croston mwaka 1972. Dawa yake ilikuwa kutenganisha vitu viwili: mteja anachukua ngapi anapokuja, na inapita miezi mingapi kati ya mauzo na mauzo. Kwako ni pampu 4 kila baada ya miezi 4. Ukitumia njia yake, unasahihisha namba hizo mbili mauzo yanapotokea tu, kisha unagawanya ya kwanza kwa ya pili. Baadaye watafiti Syntetos na Boylan walionyesha kwamba hata jibu hilo linazidi kidogo, wakapendekeza lipunguzwe.

Hata hivyo, usiishie hapo. Croston anakupa kasi, pampu 1 kwa mwezi, na kasi haikuambii uweke ngapi rafuni. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa, hata wenye programu ya kompyuta.

Fanya hivi. Kwa kuwa oda inachukua miezi 3, chukua kila miezi 3 inayofuatana katika rekodi yako: 1 hadi 3, 2 hadi 4, 3 hadi 5, mpaka 22 hadi 24. Unapata mafungu 22. Kama mauzo yamo katika safu B ya Excel, mstari wa 2 hadi wa 25, andika fomula ya kwanza kati ya hizi mbili katika C4 uiburute hadi C25. Ya pili inahesabu mafungu ambayo akiba iliyoandikwa E2 ingeyatosheleza:

```
=SUM(B2:B4)
=COUNTIF(C$4:C$25,"<="&E2)
```

Kwako mafungu 6 yana sifuri, 6 yana pampu 1, 4 yana pampu 2, 3 yana pampu 8, na 3 yana pampu 10. Hakuna fungu hata moja lenye pampu 3. Wastani umekuelekeza kwenye namba ambayo haijawahi kutokea.

Sasa weka akiba mbalimbali katika E2. Akiba ya 2 inatosheleza mafungu 16 kati ya 22. Akiba ya 3 inatosheleza 16. Ya 5, 16. Ya 7 bado 16! Ukifika 8 ndipo unapanda hadi 19, na 10 inakamilisha yote 22. Maana yake, yule anayechukua 3 ya wastani kisha akaongeza mbili za tahadhari amelaza shilingi 1,800,000 juu ya yule mwenye 2, bila kutosheleza fungu moja zaidi. Mteja mkubwa akija, bado ataondoka. Spea ya aina hii inataka uchague upande, ama 2 ama 8 na kuendelea. Katikati ni fedha iliyolala.

Kuchagua upande ni kazi ya ankara. Toa ankara za mwezi wa 11 na wa 20 uone majina. Pampu 10 kwa siku moja mara nyingi ni mwenye malori anayefungua injini zake zote kwa pamoja, na mtu huyo hatabiriwi, anaulizwa. Mwambie akupe taarifa miezi 3 kabla, atangulize sehemu ya fedha, nawe uweke 2 tu kwa ajili ya mafundi wa gereji. Ila kama walikuwa wapita njia wawili wasiojuana, linganisha faida ya pampu hizo 18 na shilingi 4,800,000 zitakazokaa rafuni ukitoka 2 hadi 10. Kwa maoni yangu, kwa lori linalozeeka, ningebaki na 2.

Unapohesabu hiyo 2, jumlisha na zilizo njiani, la sivyo utaagiza mara mbili. Na kama siku moja utaacha kutuma oda papo hapo ukawa unatuma mara moja kwa mwezi, tumia mafungu ya miezi 4. Kumbuka pia kwamba mafungu 22 yanaonekana mengi, lakini yote yametokana na mauzo sita tu. Mnunuzi mmoja mpya anaweza kuyapindua, kwa hiyo rudia hesabu kila baada ya mauzo mapya.

Mwisho, zikague sifuri zako. Duka moja nililowahi kufanyia kazi, tuliondoa spea fulani kwa sababu daftari lilionyesha miezi sita ya sifuri. Baadaye fundi mmoja akatueleza kwamba alikuja mara tatu akakuta rafu tupu, na hakuna aliyeandika. Sisi tulikuwa tumeandika mauzo, hatukuandika maombi. Weka daftari kaunta, kila anayeulizia akakosa aandikwe tarehe, spea na idadi, halafu namba hizo ziingie safu B pamoja na zilizouzwa. Na kabla hujatuma oda kwa sababu ya zile 2 za mwezi wa 24, mpigie kwanza simu mwenye ankara ya pampu 10.